Kwa wanangu mlio na mzazi ndani

Wanangu,

Nimestaafu ukunga, lakini simu yangu haijastaafu. Anayepiga mara nyingi ni baba wa mtoto, anaongea chinichini kama mtu aliyejificha: "Mama, mke wangu analia tu. Mtoto mzima, maziwa yapo, sijamuudhi."

Nami namuuliza kwanza: leo siku ya ngapi tangu ajifungue?

Akisema ya tatu, ya nne au ya tano, natulia. Kondo likishatoka, homoni zilizopanda miezi yote ya ujauzito hushuka kwa ghafla, na siku hizohizo matiti yanajaa na usingizi haupo. Zaidi ya nusu ya mama waliojifungua hupitia kilio hicho. Asubuhi anacheka, saa nne analia kwa kuwa soksi ya mtoto haionekani. Usimuulize analilia nini, maana hata yeye hajui. Mpokee mtoto, umwache alale. Kwa kawaida ndani ya wiki mbili hali hiyo huisha yenyewe, bila dawa.

Lakini yupo aliyenipigia wiki ya tano. Mkewe alikuwa ameacha kulia, naye akadhani amepona. Nikamuuliza: mtoto akilala, na yupo mtu wa kumwangalia, mama naye analala? Akakaa kimya kidogo. "Halali, anakodolea dari. Chakula anakigusagusa tu. Juzi kasema mtoto angepata mama bora kuliko yeye."

Hiyo ni sonona ya baada ya kujifungua. Huwapata zaidi ya mama mmoja kati ya kumi, na yaweza kuanza wakati wowote katika mwaka wa kwanza. Nikamwambia ampeleke kliniki kesho yake, asingoje tarehe ya chanjo. Huko aliulizwa maswali kumi kuhusu siku saba zilizopita, la mwisho likiwa kama amewaza kujidhuru. Akapimwa wingi wa damu na tezi ya shingo, kwani vikiwa na kasoro huleta uchovu unaofanana na huo. Alianza ushauri nasaha, na dawa inayoruhusiwa kwa anayenyonyesha. Mumewe alilalamika siku ya nne kwamba haoni tofauti. Nikamweleza kuwa dawa hizo huchukua wiki kadhaa, na asimwachishe dawa hata akiona nafuu, mpaka daktari aseme.

Kuna hali isiyongoja kuhesabu siku. Akisema afadhali afe, akisikia sauti usizozisikia wewe, akikesha usiku kucha bila hata kuhisi usingizi, maneno yakimvurugika, au akidai mtoto amebadilishwa, mpeleke hospitali usiku huohuo. Huko kuchanganyikiwa kwa kusikia sauti au kudai mtoto amebadilishwa huwapata mama mmoja au wawili katika kila elfu, mara nyingi wiki mbili za mwanzo. Asibaki peke yake, wala peke yake na mtoto, hata ukienda kutafuta usafiri: mwite jirani akae naye.

Mama yenu, mkunga