Barua ya wazi kwa Mtendaji wa Kata yetu: zuio la mahakama linakuhusu na wewe

Ndugu Mtendaji,

Salaam. Nakuandikia kama mkazi wa mwalo huu na kama mtu aliyefanya kazi ya ukarani wa mahakama hapa Mwanza hadi kustaafu. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu maneno uliyoyatoa kwenye mkutano wa wananchi uliyatoa hadharani, na wavuvi wengi waliondoka wakiyaamini. Ulisema amri ya mahakama kuhusu ule mtumbwi unaogombewa inamhusu aliyetajwa ndani yake tu, kwamba ofisi yako haimo, na kwa hiyo barua uliyoigonga muhuri haina shida.

Kesi yenyewe bado inasikilizwa. Sitasema nani mwenye haki kati ya yule mama aliyetoa fedha za kununulia chombo na yule mwenzake aliyekuwa akiendesha kambi. Wanaojaza magrupu ya WhatsApp kwa kupotosha yaliyosemwa mahakamani, au kumhukumu mmoja wao kabla ya hakimu, nao wajue kwamba kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu kinawagusa: kusema au kuandika jambo linalopotosha shauri linaloendelea, au linaloweza kuwafanya watu waegemee upande mmoja, ni kosa. Mimi nazungumzia amri peke yake.

Amri ile ni zuio la muda. Inasema mtumbwi, injini na nyavu visiuzwe wala visiondolewe hapa mwaloni mpaka kesi ya msingi iamuliwe. Mahakama hutoa zuio la namna hii inapoona mali inayogombewa iko hatarini kuuzwa au kuharibiwa, maana injini ikishavuka kwenda visiwani, hukumu itakuja kukuta mtumbwi mtupu. Zuio halimpi mtu ushindi. Linaiweka mali pale ilipo, basi.

Baada ya amri hiyo kutolewa, wewe uliandika barua ya kumtambulisha mmoja wa wale wawili wenye kesi kwa mnunuzi kama mmiliki pekee. Siku chache baadaye injini ilifunguliwa usiku na asubuhi haikuwepo.

Kudharau mahakama, kwa lugha ya kawaida, ni kufanya makusudi jambo linaloizuia mahakama kufanya kazi yake au linaloifanya amri yake isiwe na nguvu. Watu wengi wanadhani ni kumtukana hakimu tu. Kweli, kelele na maneno ya kejeli mbele ya hakimu ni kosa, na hapo hakimu anaweza kuamuru uwekwe chini ya ulinzi na kukushughulikia siku hiyohiyo kabla mahakama haijafungwa. Shahidi anayekataa kuapa au kujibu swali bila sababu ya kisheria, naye yumo. Ila madhara makubwa zaidi hutokea nje ya chumba cha mahakama, huku huku kwetu.

Chukua wale vijana wawili wa mtumbwi walioitwa kutoa ushahidi. Tajiri anayewaambia kwamba wakisema hivi au vile hawatapanda chombo tena, anajaribu kumwingilia shahidi. Na akiwafukuza kazi kwa sababu walishatoa ushahidi, hilo nalo limetajwa waziwazi katika kifungu hicho cha 114. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miezi sita. Naliandika hili kwa sababu vijana wale wana hofu, na hakuna aliyewaambia kwamba sheria iko upande wao.

Sasa nirudi kwenye barua yako. Ni kweli jina lako halimo kwenye zuio. Lakini mtu anayeijua amri na bado akamsaidia aliyezuiwa kuivunja, anaweza kuitwa ajibu pamoja naye. Neno kubwa hapo ni kujua, na kwako hilo litakuwa gumu kukanusha. Mpeleka nyaraka wa mahakama alifika ofisini, ukakataa kusaini, naye akabandika nakala ukutani pembeni ya ubao wa matangazo. Kukataa kusaini hakufuti kitu. Mpeleka nyaraka hurudi mahakamani na kula kiapo akieleza alifika saa ngapi, alimkuta nani na nakala aliiacha wapi, na kiapo hicho huingia kwenye jalada. Zaidi ya hapo, mkutanoni uliisoma amri kwa sauti kabla ya kusema haikuhusu.

Kitakachofuata, upande ulioumizwa ukiamua, ni maombi kwenye mahakama ileile iliyotoa zuio, yakiambatana na hati ya kiapo. Anayelalamikiwa hupewa nakala na nafasi ya kujibu kwa kiapo kinzani, kisha wote husikilizwa. Hakuna anayefungwa kwa tetesi. Mlalamikaji lazima aonyeshe kwamba amri ilikuwepo na haijaisha muda, kwamba maneno yake yanaeleweka, kwamba mhusika aliijua, na kwamba aliivunja kwa makusudi. Ushahidi unaodaiwa hapo ni mzito kuliko ule wa kesi ya kawaida ya madai, kwa sababu uhuru wa mtu uko hatarini. Yakithibitika, Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inairuhusu mahakama kukamata mali ya aliyevunja zuio na kumweka kizuizini kama mfungwa wa madai kwa muda usiozidi miezi sita. Na ipo njia ya jinai pia: kifungu cha 124 cha Kanuni ya Adhabu, kwa anayekaidi amri halali ya mahakama, kinafika miaka miwili.

Hapo kwenye muda wengi hujikwaa, wa pande zote mbili. Zuio la muda chini ya sheria hiyo haliishi milele. Hutolewa kwa kipindi kisichozidi miezi sita, na likiongezwa, jumla haipaswi kupita mwaka mmoja. Kwa hiyo mama yule na mawakili wake wanatakiwa kuhesabu tarehe na kuomba nyongeza mapema. La kwetu bado liko ndani ya muda. Tarehe imeandikwa kwenye nakala iliyobandikwa ukutani kwako.

Nimesikia pia hoja kwamba hakimu alikosea kutoa zuio. Inawezekana, mahakimu hukosea. Mwenye hoja hiyo anaruhusiwa kwenda mahakamani kuomba zuio liondolewe au libadilishwe, na kufanya hivyo si dharau hata kidogo. Kadhalika kuikosoa hukumu kwa heshima, kukata rufaa, au kumlalamikia hakimu kwa njia zilizowekwa. Asichoruhusiwa ni kuamua mwenyewe kwamba amri ni mbaya na kuipuuza. Ikiwa mbaya, inaheshimiwa mpaka itenguliwe.

Hili linawahusu pia wale wanaopanga kwenda kuirudisha injini kwa nguvu. Wakae. Wakikutana na wenzao ziwani usiku patatokea mengine, na watakuwa wamempa mpinzani wao kisingizio.

Ninachokuomba, Ndugu Mtendaji, kinawezekana wiki hii. Andika barua ya kuifuta ile ya utambulisho, mpe nakala mnunuzi, na nyingine uipeleke masijala ya mahakama yenye namba ya kesi juu yake. Uwaambie viongozi wa BMU, kile kikundi kinachosimamia uvuvi hapa mwaloni, waandike injini ilionekana wapi mara ya mwisho, na aliyeiondoa atakiwe kuirudisha mwaloni. Mahakama huangalia sana kama mtu alirekebisha kosa mapema na kuomba radhi kwa dhati, na mara nyingi hilo hupunguza adhabu kwa kiasi kikubwa. Kesi inatajwa mwisho wa mwezi. Barua hiyo iwe imefika kwenye jalada kabla ya siku hiyo.

Wako,
Karani mstaafu, mkazi wa mwaloni