Kutunza tovuti ya duka kila mwezi: kazi yenyewe, mipaka yake na bei

Habari za kazi, mama. Natumai Biashara Street haijawachosha sana wiki hii ya kufungua shule.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nikutoze kila mwezi ilhali tovuti ilishakamilika na nikalipwa. Ni swali la haki, na sikulijibu vizuri kwa sababu nilikuwa kwenye matatu. Acha nilijibu kwa kurudi kwenye ile Jumamosi ya oda zilizopotea, maana ndiyo inayoeleza kila kitu.

Usiku wa Ijumaa, plagini ya usalama kwenye tovuti yako ilijisasisha yenyewe. Toleo jipya lilikuja na sheria kali zaidi: ombi lolote linalotoka nje bila kuonekana kama la mtu anayetumia kivinjari, lifungiwe mlango. Kwa blogu ya mapishi hilo halina neno. Lakini duka lako hupokea M-Pesa, na mteja anapoweka PIN yake, mfumo wa M-Pesa hutuma taarifa moja kwa moja kwa tovuti yako kusema "huyu amelipa". Taarifa hiyo hutumwa na mashine kwa mashine, haina kivinjari. Ikafika, ikafukuzwa mlangoni. Kwenye kumbukumbu za seva niliona mstari huu ukijirudia tangu saa nne asubuhi:

```
"POST /wc-api/malipo_stk/ HTTP/1.1" 403
```

Hiyo 403 maana yake ni "huruhusiwi kuingia". Kwa hiyo pesa ziliingia kwako, ujumbe wa M-Pesa ukafika kwa mteja, lakini tovuti ikaendelea kuiandika oda `Pending payment`. Na hapo ndipo uharibifu wenyewe ulipoanza. WooCommerce, programu inayoendesha duka lako, ikiwa haijabadilishwa mpangilio wake, humshikia mzigo mteja ambaye hajalipa kwa dakika 60 tu. Zikiisha, huifuta oda na kurudisha bidhaa kwenye hesabu ya stoo. Ndivyo kile kikoi cha mwisho cha buluu kilivyouzwa mara mbili, na watu wote wawili wakiwa wamekilipia.

Ulinipigia saa tisa. Kurekebisha sheria ya plagini kulichukua dakika kumi na tano. Saa zilizobaki, karibu tano kwa jumla, zilikwenda kwenye kulinganisha taarifa yako ya M-Pesa na oda zilizofutwa, mstari kwa mstari, tukitafuta ni nani alilipa nini. Watu sita, shilingi 14,300. Nilikutoza 9,000, na wewe ukamrudishia pesa yule wa kikoi na kumwomba radhi. Sehemu ya lawama ni yangu: nilipokukabidhi tovuti niliacha plagini zijisasishe zenyewe, nikijua hakuna mtu atakayekuwa akiziangalia.

Kuzima masasisho kabisa si dawa. Plagini ya zamani ikigundulika ina tundu, wadukuzi huanza kuitafuta kwenye kila tovuti, na hawajali kama duka ni dogo. Kinachotakiwa ni mtu wa kusasisha, halafu akahakikisha kwamba pesa bado zinapita.

Basi hii ndiyo kazi nitakayofanya. Kila Jumanne ya pili na ya nne, saa nne usiku, wakati oda zako huwa chache. Kwanza nasasisha kwenye nakala ya majaribio, ambayo wateja hawaioni. Ikienda sawa, nafunga sehemu ya kulipia kwenye duka lenyewe kwa dakika kama ishirini, nachukua nakala ya akiba hapo hapo, ndipo nasasisha. Kisha nanunua bidhaa niliyoificha, ya shilingi 10, kwa simu yangu mwenyewe, nikisubiri kuona oda imegeuka kuwa `Processing`, yaani tovuti imejua imelipiwa. Nakala ya majaribio haitoshi kwa hili, kwa sababu haina ulinzi ule ule wala anwani ile ile. Bila shilingi 10 halisi kufika, siwezi kukwambia kwamba duka linafanya kazi.

Labda utajiuliza kwa nini nachukua nakala ya akiba wakati huo huo ilhali kuna nyingine ya kila usiku. Ukirudisha duka kwenye nakala ya jana, unafuta pia oda zote za leo. Wengi hulisahau hili mpaka siku ya siku. Nakala za kila usiku nitazihifadhi siku 30, mbali na seva ya tovuti, na kila baada ya miezi mitatu nitachukua moja niifungue nione kama kweli inarudi. Nimewahi kufungua nakala ya mteja mwingine nikakuta picha tu, hifadhidata haimo.

Pamoja na hayo, kuna kengele inayoniita tovuti ikilala, na nyingine inayoniambia oda zikikaa `Pending payment` kupita kawaida. Wateja wengine huacha kulipa tu, hilo ni la kila siku. Oda tatu mfululizo ndizo zinazonishtua. Cheti cha usalama na tarehe ya kulipia jina la co.ke pia nitaviangalia.

Bei ni shilingi 8,500 kwa mwezi. Saa tatu za kazi hiyo kwa 1,800 ni 5,400. Saa moja ya vitu vidogo unavyonituma, kama kubadilisha bei ya usafirishaji au bango la ofa, ni 1,800. Na 1,300 zinalipia hifadhi ya nakala na huduma ya kengele. Ile saa moja usipoitumia itaingia mwezi unaofuata, lakini haitarundikana zaidi ya hapo. Kazi ikizidi, nitakuuliza kabla sijaanza.

Haihusu kupakia bidhaa mpya, kupiga picha wala kuunda kurasa mpya. Seva na jina la tovuti utaendelea kulipia mwenyewe, kwa jina lako; usikubali fundi yeyote aandikishe jina la duka lako kwake, hata mimi. Na M-Pesa yenyewe ikiwa na hitilafu, ninaloweza kufanya ni kukujulisha na kuweka tangazo dukani. Siwezi pia kuahidi kwamba tovuti haitadukuliwa kamwe. Ninaloahidi ni nakala inayofunguka na mtu wa kuifungua.

Malipo yakikwama, nipigie siku yoyote kati ya saa mbili asubuhi na saa tatu usiku. Nitakuwa nimeanza kazi ndani ya saa mbili. Jumapili niko kanisani hadi saa saba, hivyo siku hiyo tuma ujumbe, nitatoka nje niusome. Mambo mengine yanasubiri siku ya kazi inayofuata.

Najua utapata wa kukufanyia kwa 3,000, na pengine ni fundi mzuri. Mwulize tu ni lini mara ya mwisho alirudisha duka kutoka kwenye nakala, na oda za siku hiyo alizifanyaje.

Ukikubali, malipo ni kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi, na yeyote kati yetu anaweza kuacha kwa notisi ya siku 30. Nikiondoka nakuachia nakala ya mwisho na nenosiri zote. Nijibu kufikia Ijumaa ili Jumanne nianze, na tafadhali unitumie ile barua pepe uliyosajilia akaunti ya seva; niliyo nayo mimi ni ya yule kijana wako aliyeacha kazi.