Kwa nini dera moja huuzwa mara mbili laivu, na zawadi ya mtazamaji huishia wapi

Jumamosi moja baada ya Isha, mteja wetu mmoja hapa Mombasa, muuza nguo tuliyekuwa tukimrushia laivu mtandaoni, alinyanyua dera la zambarau lenye nakshi ya dhahabu kifuani, akasema, "Hili ni moja tu. Wa kwanza kuandika ni lake." Akalionyesha mbele na nyuma, akalishusha, akachukua la kijani. Ndipo komenti zikaanza kumiminika: "Langu!" "Nipe hilo!" "Nishachukua!" Akadhani wanagombea la kijani. Kufikia saa tatu usiku, dera la zambarau lilikuwa limelipiwa na watu wawili, mmoja wa Kisauni na mwengine wa Likoni, na la kijani limewekewa mtu ambaye hakuwahi kulitaka.

Hakuna aliyedanganya usiku ule. Kilichotokea ni kwamba muuzaji na wateja wake hawakuwa wakiangalia kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wateja wengi wanaotujia kutaka tuwarushie laivu hawalijui hili, na shida zao nyingi huanzia hapo.

Neno "mubashara" linatudanganya kidogo. Picha ikitoka kwenye simu yako, kwanza hubanwa ili ipite kwenye mtandao, kisha hupanda hadi kwenye seva za TikTok au YouTube. Huko hutolewa nakala za ubora tofauti, ya aliye na waifai nzuri na ya aliye na bando la kuhesabu. Nakala hizo hukatwa vipande vidogo vidogo na kusambazwa. Simu ya mtazamaji nayo huweka akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuvionyesha, ili picha isikwamekwame. Safari hiyo kwa kawaida huchukua sekunde kadhaa, na mtandao ukiwa mbovu huzidi hapo. Komenti ni maandishi machache tu, kwa hivyo hurudi kwako karibu papo hapo. Basi mteja anaandika "Langu!" akiliona la zambarau, nawe mkononi tayari una la kijani.

Dawa yetu ni karatasi. Kila dera tunalibandika namba kubwa iliyoandikwa kwa kalamu nene, na muuzaji hurudia kusema, "Andika namba, usiandike langu." Akimaliza kulionyesha, anahesabu polepole hadi kumi kabla ya kuchukua jingine. Kimya hicho kinawatisha wauzaji wapya, wanaona kama kipindi kimekufa, lakini ndio wakati wateja wanaandika. YouTube hukuruhusu kuchagua ucheleweshaji mdogo zaidi kwenye mipangilio, ila akiba ya vipande nayo hupungua, na wenye mtandao dhaifu huanza kukwama. Sisi kwa kuuza nguo twaona namba na subira vinatosha.

Mtandao nao una mtego wake. Watu hupima kasi ya kupakua, wakaona ni kubwa, wakaridhika. Kwenye laivu unachohitaji wewe ni kasi ya kupandisha, ile namba ya pili ambayo mara nyingi ni ndogo. Kwa picha ya 720p tunarusha kama megabiti 3 kwa sekunde, na hatuanzi mpaka kipimo kionyeshe angalau maradufu ya hiyo. Kwa kasi hiyo, saa moja hula takriban GB 1.35, kwa hivyo usije na bando la GB 1 ukitarajia kumaliza. Ubaya ni kwamba mtandao ukilegea wewe hutajua. Simu yako inakuonyesha kamera yako mwenyewe, safi kabisa, ilhali mtazamaji anaona vigae vigae na sauti inayokatika. Ndiyo maana daima tunaweka simu ya pili, kwenye laini ya kampuni nyingine, ikiangalia laivu kama mteja wa kawaida.

Simu hiyo iwe imezimwa sauti. Hili tulijifunza siku tuliyomwalika mshonaji awe mwenyeji mwenza. Mwenyeji mwenza hapiti ile njia ndefu ya watazamaji. Yeye na wewe mnaunganishwa kwa njia ya haraka, kama simu ya video, ndiyo maana mnaweza kujibizana bila kusubiriana. Kisha picha zenu mbili huunganishwa na kutumwa kwa watazamaji kwa ile njia ya polepole. Mshonaji wetu alikuwa anazungumza kwa simu moja, na mezani ana simu ya mwanawe imefungua laivu ile ile, sauti juu, ili ajione. Kila alichosema kilirudi baada ya sekunde sita, maikrofoni ikakinasa tena, kikaenda tena. Watazamaji walisikia kama watu watatu wanabishana kisimani. Ukisikia sauti yako inarudi, usianze kugusa mipangilio. Muulize mwenzako kwanza kama kuna simu nyingine chumbani.

Kwa biashara ya nguo, mwenza mmoja anatosha. TikTok inaruhusu wageni kadhaa kwa pamoja, na Instagram inaruhusu hadi watatu, lakini kila anayeongezwa huipunguza nafasi yako kwenye skrini, na nakshi ya dera haionekani tena. Mwenza mzuri ni yule anayejua kitu usichokijua wewe: mshonaji anayeweza kusema kitambaa hiki kikifuliwa kitajikunja au la.

Sasa modereta. Wateja wengi hufikiri kazi yake ni kufukuza watukanaji. Hiyo ipo, na ni rahisi: unamteua kabla ya kuanza, naye anapata uwezo wa kumnyamazisha mtu, kumfungia, au kuzuia maneno fulani yasitokee kabisa. Kazi ngumu ni kuwinda namba za simu. Muuzaji akiwa anaongea, huingia mtu mwenye picha ya duka lako na jina linalofanana na lako, pengine nukta moja tu imezidi, anaandika, "Lipieni namba hii, till imeharibika." Wewe unaonyesha mikono ya dera, huoni. Mteja aliye mbali anatuma pesa kwa mwizi, na kesho anakuja kukudai wewe. Kwa hivyo modereta wetu hubandika juu komenti yenye namba ya till, na muuzaji huitaja kwa mdomo kila baada ya dakika kumi hivi, pamoja na jina ambalo mteja anapaswa kuliona kwenye M-Pesa. Namba yoyote nyingine ikitokea, modereta hamjibu aliyeiandika. Anaifuta na kumfungia, hata kama ni mteja halisi aliyeandika namba yake akitaka apigiwe. Atakasirika, tutamuomba radhi kwa ujumbe wa faragha.

Modereta asiwe wewe, wala asiwe anapanga nguo. Na asiwe ndugu yako mpenda majibizano, tafadhali. Mmoja aliingia kugombana na mteja aliyesema bei ni ghali, na kwa dakika kumi watu walisahau madera, wakawa wanafuatilia ugomvi.

Kazi yake ya mwisho ni daftari. Kila dera linapoinuliwa, anaandika namba yake na dakika tangu laivu ianze: 14, dakika ya 22. Daftari hilo ndilo linaloamua nani alikuwa wa kwanza ikizuka kesi, na ndilo linalotuwezesha kufanya jambo la maana kesho yake, yaani marudio.

Usidhani laivu ikiisha imehifadhiwa mahali watu wataiona. YouTube huihifadhi yenyewe kwenye chaneli yako ikiwa haikuzidi saa 12. Facebook, tangu Februari 2025, huifuta laivu baada ya siku 30. Kwenye TikTok wewe mwenye akaunti unaweza kuipakua ndani ya siku 90, lakini ukikaa bila kuipakua na kuichapisha, usitarajie mteja aliyekuwa kazini ataikuta kwenye ukurasa wako. Sisi tunaipakua usiku ule ule. Hatuchapishi saa mbili zote, maana hakuna atakayeangalia. Kwa kutumia daftari tunakata kila dera ambalo bado lipo, video ya nusu dakika, namba na bei zimeandikwa juu. Yaliyouzwa hatuyaweki, la sivyo utashinda wiki nzima ukijibu "limeisha". Na usipige muziki nyuma. Tulipiga taarabu laivu nzima ili ukumbi uchangamke. Kipindi kilikwenda vizuri, marudio yakanyamazishwa sauti kwa sababu ya hakimiliki, na maelezo yote ya bei yakaenda nayo.

Nimeziacha zawadi mwisho ingawa ndilo swali la kwanza tunaloulizwa: "Nitapata ngapi?" Mtazamaji hununua sarafu kwa pesa, hutuma sarafu kwa sura ya ua la waridi au kitu kikubwa zaidi, nawe hupokea almasi zinazobadilishwa kuwa pesa. Waridi ni sarafu 1. Mtumaji ameilipia zaidi kidogo ya senti moja ya dola. Kwako hufika kama nusu senti. Waridi 200, skrini imejaa maua na wewe umetaja majina mpaka koo limekauka, ni kama dola moja, shilingi 130 hivi. Mwaka 2022 BBC ilijaribu kutuma zawadi za dola 106 kwa akaunti iliyoko Syria, ikakuta zilizofika ni dola 33. TikTok ilisema makato yake ni chini ya asilimia 70, bila kutaja ni kiasi gani hasa.

Kwa hivyo zawadi zikija, shukuru na uendelee kuuza. Hatari ni mteja kuzifanya malipo. Dada mmoja aliye Maskati, asiye na M-Pesa, alitaka dera la shilingi 1,200 akatuma zawadi ya sarafu 1,000. Kwake yeye alikuwa ametoa zaidi ya dola 13, yaani shilingi 1,700 na ushei, na akaona amelipa hadi nauli ya mzigo. Dukani zilifika kama dola 5, shilingi 650 kasoro, na dera lenyewe kwa jumla lilinunuliwa 800. Hakuna kitufe cha kumrudishia. Muuzaji alilituma, akala hasara, akamwambia safari ijayo amtumie mtu wa kwao Mombasa alipe kwa till. Siku hizi modereta wetu akiona zawadi kubwa inaingia, humwandikia mtumaji mara moja: ahsante, lakini hii si malipo ya nguo.

Ukitaka tukurushie, tunakuja na simu mbili, taa, maikrofoni ya kubana kifuani na modereta mmoja. Wewe uwe na miaka 18 au zaidi, na akaunti yako iwe imeshafunguliwa uwezo wa laivu. TikTok katika nchi nyingi hutaka wafuasi wapatao 1,000, basi angalia hilo kabla ya kulipa amana kwetu. Madera yawe yameshapigwa pasi na kubandikwa namba tukifika. Na simu ya kurushia iwe haipokei simu za kawaida, kwa sababu shangazi akipiga katikati ya dera namba 9, picha inasimama.