YAH: Kukataa kubadilisha betri iliyochoka na kuishia kubadili mipangilio

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Naandika kuhusu kompyuta mpakato niliyonunua dukani kwenu, ambayo betri yake bado iko ndani ya waranti. Kila nikiileta kwa kuwa haikai na chaji, fundi hunirudishia ikiwa imepunguzwa mwangaza wa skrini na kuwekwa hali ya kuokoa betri. Mara ya mwisho alifuta hata programu ninayoitumia kazini, bila kuniuliza. Tatizo liko palepale: ikifika asilimia 30 na ushee inazimika ghafla, nikichomeka chaja inawaka.

Kwa hiyo nimetoa ripoti ya betri kutoka kwenye Windows yenyewe. Ni amri moja tu, ambayo fundi angeweza kuiandika pale kaunta nikiwa nimesimama mbele yake:

```
powercfg /batteryreport
```

Inatoa faili la `battery-report.html`. Kwenye langu, `DESIGN CAPACITY` ni 45,030 mWh na `FULL CHARGE CAPACITY` ni 21,160 mWh. Gawanya, utapata asilimia 47. Yaani ninapoona imejaa 100, imejaa chini ya nusu ya ilivyotoka kiwandani. Watengenezaji wengi huanza kuihesabu betri kuwa imechoka inaposhuka chini ya 80.

Fundi alisema huenda kipimo kimepotoka. Hoja hiyo ni halali, kwa sababu nambari hizo ni makadirio ya betri yenyewe. Basi nikaichaji hadi ikajaa, nikaitumia mpaka ikazima, nikaichaji tena bila kukatisha. Ripoti mpya haikutofautiana na ya kwanza kwa kiasi cha maana.

Sasa tuangalie hiyo mipangilio. Nikiandika tu, mashine hula takriban wati 7. Betri ikiwa mpya ningepata saa 6 na zaidi. Hii, hata kwa hesabu ya karatasini, ni saa 3. Mkipunguza mwangaza mpaka nile wati 6, mmeniongezea nusu saa na macho kuuma. Mipangilio hupunguza matumizi, hairudishi uwezo uliokwisha kupotea. Na kule kuzimika ghafla ndiko kunakoonyesha zaidi: ukinzani wa ndani wa betri umepanda, kazi ikizidi kidogo volteji inaporomoka, mashine inakata huku skrini ikidai chaji ipo.

Kuna jambo moja zaidi, nalo haliwezi kusubiri. Siku hizi padi ya kugusia imeinuka upande mmoja na kubofya kwake kumekuwa kugumu. Ikiwa betri imeanza kuvimba, hiyo ni hatari ya moto, na nimeacha kuichaji.

Naomba fundi afungue mfuniko wa chini nikiwepo, na betri ibadilishwe kwa waranti. Mkikataa, nipeni sababu kwa maandishi, yenye muhuri, na mtaje kifungu cha waranti mnachokitegemea. Ripoti zote mbili nimeziambatisha pamoja na nakala ya risiti.

Wenu,
Mteja