Ulilipa miezi minne, au mitatu na dipoziti?

Mwishoni mwa Februari 2025 walikaa ofisini kwetu watu wawili waliokubaliana kila shilingi na bado wakagombana. Mmoja ni kijana aliyekuwa anahama kwenye nyumba ya vyumba viwili huku Tabata. Mwingine ni mama mwenye nyumba, mstaafu anayeishi Moshi, ambaye alikuja Dar kupokea funguo. Hatukuwa wasimamizi wa nyumba ile. Waliletwa na jirani anayejua kwamba kazi yetu ni kukusanya kodi za nyumba na kutunza hesabu zake.

Kijana alisema: "Mama, naomba dipoziti yangu, laki tatu na nusu." Mama akajibu bila hasira hata kidogo: "Mwanangu, mimi dipoziti yako sijawahi kuipokea. Wewe ulinilipa miezi minne."

Tukaomba kila mmoja atuonyeshe alicho nacho. Kodi ilikuwa shilingi 350,000 kwa mwezi, ikilipwa miezi mitatu mitatu. Kabla ya kuingia, tarehe 27 Februari 2024, kaka wa kijana aliyeko Mwanza alituma shilingi 1,400,000 kwenye akaunti ya mama. Kwenye sehemu ya maelezo aliandika neno moja: pango. Baada ya hapo kijana mwenyewe alituma 1,050,000 mara tatu, yaani Juni, Septemba na Desemba. Jumla 4,550,000, na hapo hakuna aliyebisha.

Sasa angalia namna daftari mbili zinavyoweza kusoma pesa ileile. Kwa kijana, ile 1,400,000 ilikuwa miezi mitatu, Machi mpaka Mei, pamoja na dipoziti ya mwezi mmoja. Malipo matatu yaliyofuata yakamfikisha mwisho wa Februari, siku aliyohama. Kwa mama, 1,400,000 gawanya kwa 350,000 ni nne. Akaandika Machi mpaka Juni. Malipo ya Juni akayaingiza Julai mpaka Septemba, na kadhalika, mpaka ya Desemba yakaishia Machi 2025. Kwa hesabu yake kijana alikuwa anaondoka akiwa bado na mwezi mmoja mbele, na mkataba unasema anayehama kwa hiari yake harudishiwi kodi ya siku alizobakiza.

Mwaka mzima hakuna aliyestuka, kwa sababu kijana alilipa mapema kuliko mama alivyotarajia. Mwenye nyumba gani atampigia simu mpangaji kumuuliza mbona umewahi?

Kilichotusaidia ni karatasi ya mkataba. Kipengele kimoja kilisema mpangaji atalipa dipoziti ya mwezi mmoja kabla ya kukabidhiwa funguo. Tukamwomba mama stetimenti ya Februari na Machi 2024. Kutoka kwa mpangaji huyu au ndugu yake kulikuwa na muamala mmoja tu, ule wa 1,400,000, na funguo zilitolewa siku mbili baadaye. Kama dipoziti haikuwa ndani ya pesa ile, basi mama alitoa funguo kinyume na mkataba wake mwenyewe. Mama alikaa kimya, akavua miwani, akasema, "Basi nimeelewa." Alikata 45,000 ya koki ya jikoni iliyovunjika na kurudisha 305,000.

Laiti mkataba usingekuwa na kipengele kile, tusingekuwa na la kuwaambia.

Tangu siku ile tumebadilisha utaratibu kwa wapangaji wote wa nyumba tunazosimamia, na wengi wenu mmetuuliza kwa nini tunawasumbua mtume mara mbili siku ya kuingia. Ndiyo sababu hii. Dipoziti na kodi haziendi kwenye muamala mmoja, hata kama makato ya benki yanalipwa mara mbili. Dipoziti ni pesa ya mpangaji iliyoshikwa, kodi ni pesa ya mwenye nyumba iliyokwisha kuwa yake. Zikiingia pamoja benki haizitenganishi, inaonyesha tarakimu moja tu.

Ukilipia huduma ya serikali unapewa namba ya malipo, na mfumo unajua mara moja nani kalipa nini. Akaunti ya kawaida ya mwenye nyumba haina kitu kama hicho. Kinachobaki ni lile dirisha dogo la maelezo kwenye aplikesheni ya benki, ambalo wengi huliacha wazi au huandika "asante". Tunaomba liandikwe hivi, nyumba ya nne kwenye jengo B ikiwa mfano:

```
B4 DIPOZITI
B4 KODI MAC-MEI
```

Alama ya nyumba inatangulia kwa makusudi. Ukituma kutoka benki moja kwenda nyingine, maelezo marefu mara nyingine hufika yamekatwa mwisho. Ukiandika "kodi ya nyumba ya dada kuanzia mwezi wa tatu B4", kinachoweza kutufikia ni "kodi ya nyumba ya da". Jina la mtumaji nalo halitoshi, maana anaweza kutuma kaka, mume, au ofisi. Ukiweka kupitia wakala wa benki, jina linaloonekana kwenye stetimenti wakati mwingine ni la wakala mwenyewe.

Anayetuma kutoka kwenye simu kwenda benki ana shida yake. Menyu nyingi zinauliza namba ya akaunti na kiasi, basi, hakuna pa kuandika maelezo. Huyo tunamwomba atutumie ule ujumbe wa uthibitisho siku hiyohiyo, mzima, na juu yake aandike B4 na miezi anayolipia. Siku hiyohiyo, kwa sababu ujumbe wa wiki tatu zilizopita hauwezi kutofautishwa na kumbukumbu ya mtu.

Hapo ndipo tunafika kwenye ushahidi wa malipo, jambo ambalo limeleta maneno mengi zaidi. Mpangaji anatuma skrinshoti, sisi tunasema pesa hatujaiona, naye anahisi anaitwa mwongo. Mara nyingi hakuna mwongo. Aplikesheni za benki zina hatua mbili zinazofanana kwa sura. Kwanza unaonyeshwa jina la mwenye akaunti, kiasi na kitufe cha kuthibitisha. Kisha, ukishaweka namba ya siri, unakuja ukurasa wa kusema muamala umekamilika. Wapo wanaopiga picha ile ya kwanza. Utaitambua kwa kuwa haina namba ya kumbukumbu ya muamala na mara nyingi haina saa. Hiyo ni picha ya nia ya kulipa.

Na hata yenye namba ya kumbukumbu inaweza kutangulia pesa. Ndani ya benki moja pesa huingia papo hapo. Kati ya benki na benki, au benki na mitandao ya simu, ikipita kwenye mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu, TIPS, nayo huchukua muda mfupi tu. Lakini ukienda dirishani kutuma kiasi kikubwa kwa TISS, mfumo mwingine wa Benki Kuu wa malipo kati ya benki, kazi ya dirishani inafuata saa za benki. Ukijaza fomu Ijumaa jioni, usishangae mwenye nyumba akiiona Jumatatu. Kwa hiyo risiti yetu haitoki kwa skrinshoti. Inatoka tukishaona mstari wenyewe kwenye stetimenti, na tunaandika juu yake namba ileile ya kumbukumbu, alama ya nyumba na miezi iliyolipiwa. Risiti hiyo ndiyo mpangaji aitunze. Skrinshoti hupotea na simu.

Ikitokea akaunti yako imekatwa na kwetu hakuna kitu baada ya siku mbili za kazi, anayepaswa kwenda benki ni wewe uliyetuma. Si kwamba tunakutupia mzigo. Benki ya mwenye nyumba haina muamala wa kufuatilia, na benki yako haitatusikiliza sisi kuhusu akaunti yako. Nenda na namba ya kumbukumbu, omba wakuandikie kama muamala umekamilika, umekwama au umerudishwa, ututumie jibu. Katika siku hizo hatukuhesabii ucheleweshaji.

Kuna wapangaji wetu wachache ambao ni kampuni. Hao hukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio, yaani kodi ya serikali, na kuipeleka TRA, hivyo kwenye pango la milioni moja mwenye nyumba anaona 900,000. Wenye nyumba wapya hudhani wamepunjwa. Hajapunjwa mtu, ila ushahidi wa malipo hapo una vipande viwili: muamala wa benki wa 900,000 na cheti cha kodi ya zuio cha ile 100,000. Bila cheti tunaandika kwamba 100,000 bado haijathibitishwa.

Kuhusu dalali tutasema kwa kifupi. Mwezi mmoja wa dalali ni mapatano yenu na yeye, nao hauingii kwenye akaunti ya mwenye nyumba. Na kodi wala dipoziti haziingii kwenye akaunti ya dalali, hata akisema mwenye nyumba yuko safarini. Kabla hujathibitisha, soma jina linalotokea kwenye skrini. Lisipokuwa lile lililo kwenye mkataba, simama hapo, upige simu.

Nirudi kwenye kesi ya Tabata, kwa sababu ilikuwa na mkia. Walipokwisha kukubaliana 305,000, mama alisema ataituma ilikotoka, kwa kaka wa Mwanza. Kijana akaruka. Kaka yake alikuwa amemkopesha tu, na deni alikwisha kulilipa. Mama naye akaogopa: akimpa kijana, kaka akija kudai? Tulimpigia kaka mbele yao, akathibitisha, tukamwomba aandike ujumbe mfupi wa kusema hivyo. Siku hizi, malipo ya kwanza yakitoka kwa mtu ambaye jina lake halipo kwenye mkataba, tunaongeza mstari mmoja unaosema dipoziti itarudi kwa nani na kwenye akaunti ipi, na wote wawili wanatia sahihi kabla ya funguo kutoka.

Mama alituma pesa akiwa palepale kwenye kiti, simu ameishika mbali na macho. Alipofika kwenye dirisha la maelezo alituuliza aandike nini. Kijana akamtajia herufi moja moja:

```
KURUDISHA DIPOZITI 350000 TOA KOKI 45000
```