Mtumbwi unaocheza kwenye skrini na chaji ya simu ya mteja wako

Programu nyingi za simu tunazoletewa hapa Kigoma zina mchoro unaocheza mahali fulani: gurudumu la kusubiri, alama ya malipo yaliyofanikiwa, au mtumbwi unaoyumba juu ya mawimbi. Wenye programu wanaupenda, na sisi pia tunaupenda, kwa sababu mteja anayesubiri anaona kwamba kitu kinaendelea. Malalamiko huja baadaye kwa njia mbili. Wengine wanasema programu ni nzito kupakua. Wengine wanasema simu inapata moto na chaji inashuka haraka wakiwa ndani yake.

Tunaomba mwenye biashara aelewe jambo hili moja kabla hajalipa mtu yeyote kulitengeneza: uzito wa faili na ulaji wa chaji ni matatizo mawili yenye vyanzo tofauti. Faili la KB 40 linaweza kumaliza chaji sawasawa na la MB 1.

Michoro hii kwa kawaida huchorwa kwenye After Effects, ikatolewa kwa nyongeza iitwayo Bodymovin kuwa faili la JSON, kisha ndani ya simu ikachezwa na maktaba ya Lottie, ambayo Airbnb waliitoa mwaka 2017. Faili hilo si video. Ni maandishi yanayoiambia simu: chora umbo hili, lipake rangi hii, lisogeze mpaka pale kwa muda wa sekunde moja. Maelezo ya namna hiyo ni mafupi, ndiyo maana faili la vekta linaweza kuwa dogo sana. Lakini simu ndiyo inayochora kila fremu palepale mkononi mwa mteja, na kuchora kunatumia umeme.

Tuchukue mfano wa kazi iliyotufikia. Ni programu ya kuagiza dagaa kutoka Kibirizi, na wateja wake wengi ni kina mama wanaonunua kwa jumla na kusafirisha kwa treni kwenda Tabora na kwingineko. Simu zao ni za Android za bei nafuu, nyingi zina RAM ya GB 2. Ukishatuma oda, unakaa kwenye skrini ya kusubiri uthibitisho, na hapo unaona mtumbwi wa usiku wenye taa, wavu ubavuni, na mwanga ukimeremeta majini. Mchoro mzuri kweli, mtu wa ziwani anautambua mara moja. Faili lake lilikuwa MB 1.3.

Kwa mchoro wa sekunde 4, uzito huo peke yake unaonyesha kuna kitu ndani yake ambacho si vekta. Tulilifungua kwa programu ya kawaida ya kuhariri maandishi na kutafuta maneno haya:

```
"p":"data:image/png;base64,
```

Yalitokea mara tatu. Maana yake kulikuwa na picha tatu za PNG zilizofichwa ndani ya maandishi. Picha ikigeuzwa maandishi kwa mtindo wa base64 inaongezeka kwa theluthi moja, hivyo picha zenye jumla ya KB 900 zilikuwa zimekuwa KB 1,200. Karibu faili lote lilikuwa hizo picha tatu.

Zilitoka wapi? Kwenye mwanga wa taa. Mbunifu alitumia athari ya kung'arisha iliyomo kwenye After Effects, na athari hiyo Lottie haiichori. Ili mwanga usipotee, akaugeuza kuwa picha. Ni suluhisho la haraka na kwenye kompyuta halina shida. Kwenye simu lina gharama ya pili ambayo haionekani kwenye ukubwa wa faili: picha ya pikseli 1080 kwa 1080, ikishafunguliwa, inachukua baiti 4 kwa kila pikseli, yaani zaidi ya MB 4.6 za kumbukumbu. Picha tatu zinakaribia MB 14, kwa ajili ya mwanga wa taa tu.

Tulichofanya ni kuchora mwanga upya kama duara lenye rangi inayofifia kutoka katikati kwenda pembeni, njano ikiishia kuwa wazi kabisa. Lottie inalichora hilo vizuri na linachukua mistari michache. Hapa tunatoa tahadhari: usikubali mtu achukue PNG na kuipitisha kwenye kigeuzi cha kutengeneza vekta chenyewe. Kigeuzi kitafuata kila kivuli na kukupa maelfu ya nukta, na faili linaweza kutoka zito kuliko picha yenyewe, tena kila nukta inapaswa kuchorwa upya kwenye kila fremu.

Kilichobaki kilikuwa kwenye mawimbi. Yaliyumbishwa kwa amri ya wiggle, na Lottie ya Android haitekelezi amri za namna hiyo, kwa hiyo zilikuwa zimegeuzwa kuwa alama za mwendo, moja kwa kila fremu. Sekunde 4 kwa fremu 25 ni alama 100 kwa kila leya, na mawimbi yalikuwa na leya 8: alama 800. Tuliyaumba upya kwa alama tatu kila leya, juu, chini na kurudi juu, zikilainishwa katikati. Jicho halioni tofauti. Faili lilishuka hadi KB 46.

Wengine watakushauri tu ubadilishe JSON kuwa faili la .lottie, ambalo ni JSON ileile iliyobanwa kwa zipu. Linafaa ukilipakua kutoka kwenye seva isiyobana data. Lakini JSON iliyomo ndani ya APK, yaani faili la kusakinishia programu, kwa kawaida hubanwa tayari, na picha za PNG hazibaniki tena kwa maana yoyote. Na likishafunguliwa kwenye simu, kazi ya kuchora ni ileile.

Tukaenda kwenye chaji. Mama mmoja mteja wa programu hiyo alimweleza mwenye biashara hivi: "Mwanangu, nikiacha ile oda inasubiri, simu inachemka mfukoni." Hakuwa amekosea. Kusubiri uthibitisho kunaweza kuchukua dakika 4 au 5, na muda wote huo mtumbwi ulikuwa unarudiarudia. Skrini ya kawaida hujichora mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo dakika 4 ni fremu 14,400. Na hapa ndipo wengi wanapokwama: mbunifu anaapa kwamba mchoro wake ni wa fremu 25 kwa sekunde, na ni kweli umeandikwa hivyo ndani ya faili. Lottie ya Android, isipoambiwa vinginevyo, haifuati namba hiyo. Inachora kwa kasi ya skrini na kujaza fremu za katikati yenyewe, ili mwendo uwe laini. Kwa hiyo kupunguza kasi ndani ya After Effects hakukuokoi chochote mpaka mtengeneza programu aombe kasi ya faili ifuatwe.

Kupima si kugumu. Unganisha simu na kompyuta yenye adb, fungua skrini ya kusubiri, kisha toa amri hizi, ukiweka jina la kifurushi cha programu yako badala ya tz.mfano.dagaa:

```
adb shell dumpsys gfxinfo tz.mfano.dagaa reset
adb shell dumpsys gfxinfo tz.mfano.dagaa
```

Amri ya kwanza inafuta hesabu ya zamani. Subiri sekunde 30 bila kugusa skrini, kisha toa ya pili na uangalie mstari wa "Total frames rendered". Skrini iliyotulia itatoa namba ndogo sana. Ukikuta karibu 1,800, basi simu haikupumzika hata sekunde moja. Asiye na kompyuta anaweza kuwasha "Profile HWUI rendering" kwenye mipangilio ya watengenezaji: vijiti vya rangi vikiendelea kukimbia wakati hakuna kinachotakiwa kusogea, kuna kitu kinachorwa kisirisiri.

Marekebisho yenyewe ni mafupi:

```kotlin
mtumbwi.setUseCompositionFrameRate(true)
mtumbwi.repeatCount = 1
mtumbwi.playAnimation()
```

Mstari wa kwanza unaifanya Lottie ifuate fremu 25 za faili. Wa pili unaruhusu marudio moja, yaani mtumbwi unacheza mara mbili halafu unatulia kwenye fremu ya mwisho, ambayo tuliichagua ionekane kama picha kamili. Kwa sekunde 4 mara mbili, fremu ni 200 tu, badala ya 14,400. Kati ya mistari hii miwili, wa pili ndio unaookoa zaidi, na sisi tungeuweka hata kama mmoja tu ungeruhusiwa. Kasi ya fremu 25 ina bei yake: kitu kinachokimbia upesi kitaonekana kikirukaruka. Mtumbwi unaoyumba taratibu unaivumilia. Alama ya malipo inayojichora kwa nusu sekunde tunaiacha na kasi kamili, maana inacheza mara moja na kuisha.

Kulikuwa na jambo la tatu ambalo lilijificha. Uthibitisho ulipofika, programu ilifunika skrini ya kusubiri kwa risiti, lakini mtumbwi uliendelea kucheza chini yake. Lottie husimama mchoro unapofichwa rasmi, yaani ukiwekwa GONE au INVISIBLE. Ukifunikwa tu na kitu kingine, au ukififishwa mpaka usionekane, Android bado inauhesabu kuwa uko wazi. Risiti ilikuwa imetulia kabisa machoni, na vijiti vya rangi vilikuwa vinakimbia. Tuliweka GONE kwenye mtumbwi mara risiti inapofunguka, vikatulia.

Mwisho tulitazama maski. Mmeremeto wa maji ulikatwa kwa umbo la wimbi kwa kutumia maski, na maski huilazimu simu kuchora sehemu hiyo pembeni kwanza kisha kuiunganisha, yaani kazi mara mbili kwenye kila fremu. Tuliuchora mmeremeto ukiwa tayari na umbo lake, maski ikaondoka. Si kila maski inaondoleka. Moja ndogo kwenye mchoro unaosimama haina madhara ya kuhangaikia. Ile inayofunika skrini nzima kwenye mchoro usiokoma ndiyo ya kuanza nayo.

Hatukuahidi wala hatuahidi kwamba chaji itakaa saa kadhaa zaidi, kwa sababu mwanga wa skrini na mtandao vinakula pia, na dakika 4 za skrini kuwaka zina gharama yake hata mchoro ukisimama. Tunachoweza kukuonyesha ni hesabu ya fremu kabla na baada, kwenye simu ya aina wanayotumia wateja wako.

Ukituletea kazi ya namna hii, tuletee faili la mradi wa After Effects pamoja na JSON. Ukilipa mbunifu, mwombe mradi huo tangu siku ya makubaliano na uuhifadhi. JSON ambayo alama zake zimeshamwagwa fremu kwa fremu hairudi kuwa amri fupi iliyozizaa, na tukipewa hiyo peke yake mara nyingi inabidi tuchore upya kwa kuangalizia, nawe unalipia mchoro mmoja mara mbili.