Pampu ya kisima inayowaka na kuzima kila mara: pima upepo wa tangi kabla ya kugusa swichi

Wateja wetu wengi wenye visima majumbani, kuanzia Buswelu hadi Buhongwa, hutuletea lalamiko moja: mtu akifungua bomba, pampu huwaka, huzima baada ya sekunde chache, kisha huwaka tena, na huendelea hivyo hadi bomba lifungwe. Fundi wa kwanza kuitwa mara nyingi hufungua kifuniko cha swichi ya presha na kukaza nati. Hapo ndipo makosa mengi huanzia, kwa sababu swichi hutii tu presha inayoikuta, na presha hiyo hupanda na kushuka kwa kasi inayotegemea tangi.

Ndani ya tangi dogo la presha mna mpira mnene mfano wa puto, unaopokea maji ya pampu, na kati ya mpira huo na bati la tangi mna upepo. Pampu inaposukuma maji, mpira hutanuka na upepo hubanwa. Bomba linapofunguliwa, ni upepo huo unaoyasukuma maji kwenda nyumbani huku pampu ikipumzika. Swichi nyingi zinazouzwa madukani huja zikiwa zimepangwa kuwasha pampu presha inaposhuka hadi baa 1.4 na kuizima inapofika 2.8. Kiasi cha maji kinachotoka kati ya namba hizo mbili, kabla ya pampu kuwaka tena, ndicho kinachoamua pampu itapumzika kwa muda gani, na kwa tangi la lita 24 lenye upepo sahihi ni lita 8 tu. Wateja wengi hushangaa kusikia hivyo, kwa kuwa hudhani kuwa tangi la lita 24 huwapa lita 24.

Upepo sahihi ni ule ulio chini kidogo ya presha ya kuwasha, kwa tofauti ya takriban baa 0.2. Ukipungua, maji hujaa tangini mapema, nafasi ya upepo kubanwa hupungua, na lita 8 hugeuka kuwa 5 au hata chini ya hapo. Ukizidi presha ya kuwasha, tangi humaliza maji yake kabla swichi haijaiwasha pampu, na mtu aliye bafuni huona maji yakikatika kwa muda mfupi kisha yakirudi kwa kishindo. Hili la pili hutokea hata kwa vifaa vipya: matangi mengi hutoka kiwandani yakiwa na baa 1.5 au zaidi, na yakifungwa pamoja na swichi ya 1.4 bila kupimwa, usumbufu huanza siku hiyo hiyo.

Hivi karibuni tuliitwa kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye kisima chake kiko chini ya mwinuko wa mawe na nyumba iko juu yake, kama zilivyo nyumba nyingi za hapa Mwanza. Tangi na swichi vilikuwa kisimani, mita 8 chini ya bomba la bafuni. Kila mita 10 za kupanda hula karibu baa 1 ya presha, kwa hiyo pampu ilipokuwa ikisubiri 1.4 ndipo iwake, bafuni ilibaki baa 0.6, nayo ni maji ya kudondoka. Fundi aliyetutangulia alipandisha swichi hadi 2.0 ya kuwasha na 3.4 ya kuzima, na uamuzi wake ulikuwa sahihi. Alichokisahau ni upepo. Tulipoupima ulikuwa umeshuka hadi baa 0.4, na kwa namba hizo mpya tangi lilikuwa likitoa lita 3 na nusu tu. Bomba la bafuni lilichukua lita 10 kwa dakika, hivyo pampu ilipumzika sekunde 21, ikafanya kazi sekunde 7, ikazima. Hiyo ni zaidi ya mara 120 kwa saa. Kila pampu inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko inapokuwa katika mwendo wake, na ndiyo maana vidole vya swichi vilikuwa vimeungua na kuwa vyeusi.

Kupima upepo ni kazi ambayo mwenye nyumba anaweza kuifanya mwenyewe, mradi afuate utaratibu. Zima umeme wa pampu, fungua bomba lililo karibu na tangi, na uache maji yote yatoke hadi geji isome sifuri. Ukipima tangi likiwa na maji, utasoma presha ya maji na kudhani kuwa upepo upo. Kisha ondoa kifuniko cha plastiki kwenye tangi, ambapo utakuta valvu kama ya tairi, na upime kwa geji ya tairi. Kwa swichi ya 1.4 tunataka baa 1.2, yaani paundi 17 kwa inchi ya mraba, na pampu ya baiskeli inatosha kuongeza. Ukibonyeza valvu hiyo na yakatoka maji badala ya upepo, mpira umepasuka. Usijaze, bali badilisha mpira au tangi.

Kwa mwalimu tulijaza upepo hadi baa 1.8, tukapata lita 7 na mapumziko ya sekunde 43. Hapo wengi wangeondoka. Sisi tuliona bado haitoshi, kwa sababu pampu yake ya kuzamisha, tulipoibana kwa valvu geji ikisoma 2.7, ilijaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 30, yaani lita 40 kwa dakika, na kwa kasi hiyo ilikuwa ikifanya kazi sekunde 14 tu kila inapowaka. Tunapendelea pampu ifanye kazi angalau dakika 1 ikishawaka. Tuliweka tangi la lita 100 kwa upepo ule ule wa 1.8, sasa hutoa karibu lita 30, pampu hupumzika dakika 3 na kufanya kazi karibu dakika 1.

Kuhusu nati za swichi, ile ya springi kubwa huhamisha presha zote mbili kwa pamoja, na ile ya springi ndogo huhamisha presha ya kuzima. Umeme uzimwe kabla ya kufungua kifuniko, kwa kuwa vituo vya nyaya viko wazi ndani yake. Usipandishe presha ya kuzima kuliko pampu inavyoweza kufika, la sivyo haitazima kabisa na itachemka hadi koili ziungue. Kila unapobadilisha presha ya kuwasha, rudi kwenye upepo.

Iwapo pampu huwaka usiku wakati hakuna bomba lililofunguliwa, tangi si mtuhumiwa wa kwanza, kwani maji yanatoroka mahali fulani. Zima umeme wa pampu, funga valvu inayopeleka maji nyumbani, na uangalie geji kwa nusu saa. Ikitulia, mvujo uko upande wa nyumba, na mara nyingi tumeukuta kwenye tangi la choo. Ikiendelea kushuka, maji yanarudi kisimani kupitia valvu ya kuzuia maji yasirudi, ambayo aghalabu imekwama kwa mchanga, au bomba linalotoka kisimani limetoboka.